Tangazo kwa wazee wetu: khutba ya Ijumaa kutolewa kwa Kiswahili

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Wazee wetu, baba zetu na mama zetu mnaoswali Ijumaa msikitini kwetu hapa Ngamiani, Tanga: assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, na shikamooni.

Tangazo lenyewe ni hili. Kuanzia Ijumaa ya kwanza ya mfungo sita, inshallah, khutba ya kwanza ya Ijumaa itatolewa kwa Kiswahili. Kamati imelipitisha jambo hili baada ya vikao vitatu, na Imamu ameliridhia. Hatukuona adabu kulisema kwa kipaza sauti kwa maneno mawili, watu wakachukua viatu vyao wakatawanyika. Ndiyo maana tumeandika. Kila mzee atapata nakala yake kwa herufi kubwa, na ambaye macho yamemchoka, mjukuu amsomee polepole mpaka mwisho.

Najua habari ilishawafikia barazani kabla ya karatasi hii, tena ikiwa imekuzwa. Kuna aliyeambiwa kwamba swala nzima itaswaliwa kwa Kiswahili. Hilo halipo, na halitakuwepo. Adhana ni ile ile. Ikama ni ile ile. Alhamdu, sura, rukuu, sijida, tahiyatu na salamu, vyote ni Kiarabu kama mlivyovikuta na kama mtakavyoviacha. Muadhini atasimama kama kawaida asome “Inna llaha wa malaikatahu”, amkabidhi khatibu fimbo yake, ile ile nyeusi, na khatibu atapanda mimbari akiwa ameishika. Khutba ya pili itabaki Kiarabu mwanzo hadi mwisho, pamoja na dua yake ndefu mnayoiitikia amina. Khutba za Idi hatukuzigusa. Na Ijumaa ya mwisho ya Ramadhani, khutba ya kuuaga mwezi itasomwa kitabuni yote kwa Kiarabu. Ile hakuna aliyethubutu hata kuitaja kikaoni. Sote tumewaona mkilia inapofika pale pa kuaga, na wengine wetu tumelia nanyi bila kujua neno moja.

Kinachobadilika ni mawaidha ya khutba ya kwanza, yale ambayo hadi leo khatibu huyasoma kitabuni kwa Kiarabu.

Sasa nije kwenye swali mlilotuuliza zaidi, nalo ni swali la haki: je, Ijumaa itasihi? Sisi ni watu wa madhehebu ya Imamu Shafi, na wazee waliosoma chuoni wanazijua nguzo za khutba kuliko mimi. Ni tano: kumhimidi Mwenyezi Mungu, kumswalia Mtume, kuusia uchaji, kusoma aya ya Qur'ani katika mojawapo ya khutba mbili, na kuwaombea dua waumini katika khutba ya pili. Tatu za mwanzo zipatikane katika zote mbili. Hizi kwetu ni kwa Kiarabu, na zitabaki kwa Kiarabu. Mzee mmoja, Mungu amhifadhi, alituuliza jambo la ndani zaidi. Alisema, “Mkiweka Kiswahili kirefu katikati ya nguzo na nguzo, hamuoni kuwa mnakata mfuatano?” Kikao kizima kilinyamaza. Imamu alikwenda kulitazama vitabuni, akarudi na jibu ambalo nadhani ndilo la busara kuliko yote yaliyosemwa katika jambo hili: katika khutba ya kwanza khatibu atahimidi, atamswalia Mtume, atausia uchaji na atasoma aya, vyote mfululizo, kwa Kiarabu, kabla hajatamka neno hata moja la Kiswahili. Nguzo zikishakamilika ndipo atageukia mawaidha. Kisha atakaa kikao chake kifupi, atainuka, na khutba ya pili itaendelea kwa Kiarabu. Kwa hiyo mwenye shaka atakuwa amesikia kwa masikio yake kwamba hakuna nguzo iliyopotea wala iliyokatwa. Namshukuru mzee yule. Swali lake limeitengeneza khutba yetu.

Swali la pili halikuulizwa kwa sauti, lakini nililiona machoni. Kama khutba ya Kiarabu inabadilishwa leo, je, Ijumaa zetu za miaka hamsini zilikuwa na kasoro? Hapana, wazee wangu. Mliswali sawa, nyuma ya maimamu waliojua wanachokifanya, na thawabu zenu ziko kwa Mola wenu. Hatusahihishi kosa la mtu. Nilipokuwa mdogo nilikaa ubavuni kwa babu yangu katika safu ya tatu, karibu na nguzo yenye saa. Babu hakujua Kiarabu cha kuongea. Lakini aliijua khutba kwa mwendo wake: alijua pa kumswalia Mtume kabla khatibu hajafika, alijua sauti ikishuka vile dua imekaribia, na alinifinya paja nikisinzia. Yale nayo yalikuwa malezi. Kama ningeamini kwamba tunayafuta, nisingeweka mkono wangu kwenye karatasi hii.

Basi kwa nini tubadilishe? Nitawaambia lililonigusa mimi.

Kila Ijumaa, kabla khatibu hajaanza, muadhini hutukumbusha hadithi ya Mtume, swalla llahu alayhi wasallam: ukimwambia mwenzio nyamaza, ilhali imamu anahutubu, umefanya upuuzi. Hata neno la kumnyamazisha mtu limekatazwa, ili khutba isikilizwe. Nasi tumenyamaza kweli. Ila wengi wetu tumenyamaza bila kusikia. Mwaka juzi khatibu alisoma khutba ya mali ya yatima, khutba nzito, yenye aya ya Suratun Nisaa inayosema kwamba wanaokula mali za yatima kwa dhulma hakika wanakula moto matumboni mwao. Imamu alinisimulia baadaye kwamba aliangalia safu akaona watu wawili anaojua kwamba wanashikilia nyumba na shamba la watoto wa marehemu ndugu zao. Mmoja alikuwa akitikisa kichwa kwa utulivu. Khutba ilimpita mtu yule kama upepo wa kaskazi unavyopita juu ya bati. Walipotoka, hakuna aliyejua kilichosemwa, si wale wawili, si vijana ambao wangeweza kuwauliza.

Kulikuwa na tafsiri fupi baada ya swala, ni kweli. Lakini mnajua inavyokuwa. Salamu ikitoka, wa bandarini anawahi zamu, wa dukani anawahi kufungua, wa bodaboda kashaliwasha. Wanaobaki kusikiliza tafsiri ni ninyi wazee, ambao ndio mnaoihitaji kidogo kuliko wote. Wajukuu zenu wanakopa kwenye mikopo ya kausha damu, wanaoa bila kujua haki za mke, wanauza kiwanja cha mirathi kabla hakijagawanywa, na kila Ijumaa wamekaa dakika ishirini mbele ya mtu anayewaambia dini inasemaje. Hilo ndilo lililotutia uchungu.

Na Kiswahili si mgeni katika dini ya Tanga. Marehemu Sheikh Ali bin Hemedi al-Buhriy, aliyekuwa kadhi hapa hapa, aliandika juu ya ndoa na mirathi kwa Kiswahili ili watu wajue haki zao. Tenzi za dini ambazo mama zetu walizisoma kwenye misiba zilikuwa Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Darsa za Ramadhani baada ya alasiri, mlizotufundishia ninyi wenyewe, zilikuwa kwa lugha gani? Tafsiri ya Qur'ani ya Sheikh Abdallah Saleh Farsy, iliyochapishwa 1969, iko kwenye rafu yetu karibu na kibla, na kurasa zake zimechakaa kwa mikono yenu, si yetu. Mwenyezi Mungu anasema katika Surat Ibrahim, aya ya 4, kwamba hakumtuma Mtume yeyote ila kwa lugha ya kaumu yake, apate kuwabainishia. Safu zetu zina Mdigo, Msegeju, Mbondei, Mzigua, Msambaa na Mshihiri. Lugha inayotubainishia sote ni hii.

Juu ya khatibu wetu. Wengi mmeuliza kama anaondolewa. Haondolewi. Ameushika mimbari huu kwa miaka mingi, na tulipokwenda nyumbani kwake kumweleza, alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, “Nimeisoma khutba ya uchaji mara nyingi nisizoweza kuzihesabu. Nimetamani siku moja niwaambie watu walichokuwa wakisomewa.” Basi Ijumaa ile ya kwanza atapanda yeye, na ataieleza kwa Kiswahili khutba ile ile ya kitabuni ambayo mmeizoea. Kitabu chenyewe kitabaki mimbarini. Na kila Alhamisi baina ya magharibi na isha atakaa nacho, ukurasa kwa ukurasa, Kiarabu na maana yake, kwa yeyote anayetaka. Mje na wajukuu.

Taratibu za siku hiyo: khatibu atapanda saa saba kasorobo kama sasa, na khutba zote mbili hazitazidi dakika ishirini na tano, maana tunajua magoti ya wengine hayapendi kukaa. Tumesogeza spika moja karibu na safu ya viti, na nyingine tumeiweka upande wa kina mama, ambako kwa miaka mingi sauti imekuwa ikifika vipandevipande. Mama zetu mlilalamika na hatukufanya haraka. Mtuwie radhi. Tafsiri ya baada ya swala itakoma, kwa kuwa haitahitajika tena.

Jumatatu ijayo baada ya isha tutakaa barazani kwa msikiti, kahawa ipo, na Imamu atajibu kila swali, hata lililokwisha kuulizwa. Mwenye neno zito asilibebe peke yake mpaka siku hiyo. Mama zetu na wazee mliolala kitandani, tumeni mtoto atuite. Mimi na Imamu tutakuja nyumbani. Mfungo tisa kamati itakaa tena na wazee tuitazame khutba ilivyokwenda, na tutakayoyasikia kwenu siku hiyo tutayafanyia kazi.

Nimeambiwa wako wawili watatu waliosema watahamia msikiti mwingine. Mna haki hiyo, na misikiti yote ni ya Mwenyezi Mungu. Lakini nawaomba, kama mtoto wenu, njooni Ijumaa ile ya kwanza mkae mahali penu pale pale, mumsikilize mzee mwenzenu akisema kwa mdomo wake yale aliyokuwa akiwasomea. Mkisha kumsikiliza, ndipo muamue.

Wabillahi tawfiq.

Katibu wa Kamati ya Msikiti, kwa niaba ya Imamu na wajumbe wote
Ngamiani, Tanga