Dokezo la Usanifu wa Taa: Jengo la Madarasa Manane, Shule ya Sekondari ya Bweni, Muheza

Toleo B. Kwa msanifu majengo, mkandarasi wa umeme na mkuu wa shule. Dokezo hili linachukua nafasi ya mchoro wa awali wa taa sita kwa kila darasa.

Kilichobadilisha mchoro

Jengo lina ghorofa moja, madarasa manne chini na manne juu. Kila darasa lina urefu wa mita 9.0 na upana wa mita 7.2, na kimo cha mita 3.3 hadi dari. Ubao uko kwenye ukuta mfupi wa mbele. Madirisha yako kwenye kuta ndefu mbili, kaskazini na kusini, na upande wa kaskazini una baraza lenye kivuli cha mita 1.8. Mchana darasa hili halina shida. Jua la asubuhi na la jioni linagonga kuta fupi zisizo na dirisha, na siku nyingi taa hazitahitajika kabla ya magharibi.

Shida iko usiku. Nilikwenda na kipima mwanga kwenye jengo la zamani la shule hiyohiyo, saa 2 usiku, prepo ikiendelea. Katikati ya chumba, chini ya tyubu, kilisoma laksi 140. Meza ya mwisho kwenye kona kilisoma 38. Msichana aliyekaa hapo alikuwa ameinua daftari lake kwa mkono wa kushoto na kuliegemeza kwenye begi ili lielekee taa, maana likilala mezani kivuli cha mkono wake kilifunika mstari alioandika. Wenzake wawili walikuwa wamesogeza meza zao hadi katikati ya njia. Kwa hiyo ninachosanifu hapa ni mwanga wa meza ya kona, usiku, taa zikiwa na miaka kadhaa na vumbi lake. Wastani wa siku ya makabidhiano si kipimo changu.

Viwango vya mwangaza

Nimefuata ISO 8995-1, kiwango cha kimataifa cha taa za ndani za sehemu za kazi, toleo la mwaka 2002, ambalo tangu hapo limepata toleo jipya. Kwa darasa la kawaida toleo hilo lilitaka laksi 300 kwenye uso wa meza, na kwa madarasa ya jioni na ya watu wazima lilitaka 500. Ubao ulitakiwa 500, korido 100, ngazi 150, vyoo 200. Hizi ni laksi za kudumishwa, yaani wastani usishuke chini ya hapo wakati wowote wa maisha ya taa.

Je, prepo ni darasa la jioni? Kwa macho ya mwanafunzi ni hilo hasa, maana hana mwanga wa mchana wa kumsaidia. Ningependa vyumba vyote vinane vipate 500, lakini bajeti haifiki. Nimeamua hivi: vyumba viwili vya Kidato cha Nne, ambavyo wanafunzi wake hukaa hadi saa 4 usiku na kurudi saa 11 alfajiri, vipate 500. Vyumba sita vilivyobaki vipate 300, na nyaya zake ziwe za ukubwa wa kubeba taa za 500, ili shule ikipata fedha iongeze taa bila kuvunja ukuta.

Kwa jengo hili, ulingano wa mwanga, yaani nukta yenye mwanga mdogo kabisa ikigawanywa kwa wastani, usipungue 0.6 kwenye meza na 0.7 kwenye ubao. Namba hii ndiyo inayomlinda anayekaa kona, kwa hiyo nitaikagua kwa ukali kuliko wastani. Uonyeshaji wa rangi uwe Ra 80 au zaidi, rangi ya mwanga 4000 K.

Hesabu na mpangilio wa taa

Taa iliyochaguliwa ni ya LED ya futi nne, wati 28, lumeni 4,000, yenye kava la prizma, iliyofungwa kwa kiwango cha IP54. Itaning'inizwa mita 2.7 kutoka sakafuni. Meza ina kimo cha mita 0.75, kwa hiyo kati ya taa na meza kuna mita 1.95, na kielezo cha chumba ni 2.05. Kwa dari nyeupe, kuta za rangi ya krimu na sakafu ya saruji (uakisi 0.7, 0.5 na 0.2), jedwali la taa hii linatoa kigezo cha matumizi, yaani sehemu ya mwanga wa taa inayofika mezani, cha 0.62. Hapa chini N ni idadi ya taa, E laksi zinazotakiwa, A eneo la chumba, Φ lumeni za taa moja, UF kigezo hicho cha matumizi, na MF kigezo cha matunzo kinachoelezwa mbele.

```
N = (E × A) / (Φ × UF × MF)
N = (300 × 64.8) / (4000 × 0.62 × 0.73) = 10.7
```

Tunaweka taa 12, mistari mitatu ya taa nne, na darasa linapata laksi 335. Mistari iende kutoka ubaoni kuelekea nyuma, sambamba na madirisha: mita 1.2 kutoka ukutani na mita 2.4 kati ya mstari na mstari. Ndani ya mstari, taa ya kwanza iwe mita 1.125 kutoka ukutani, kisha kila mita 2.25, vipimo vyote vikichukuliwa katikati ya taa.

Mkandarasi aliuliza kama taa tisa zenye nguvu zaidi zisingetosha. Kwa wastani zingetosha. Lakini zingeachana mita 3.0, ambayo ni mara 1.54 ya kimo cha mita 1.95, na taa hii mwisho wake ni 1.5. Mabaka ya giza yangeonekana kati ya taa na taa, na kona ndiyo ingelipa.

Vyumba vya Kidato cha Nne vina taa 18 za aina ileile, sita kwa kila mstari, kila mita 1.5, na vinafika laksi 503. Ningeweza kuchukua taa 12 za lumeni 6,000 nikapata jibu lilelile, ila taa kali zaidi zinachoma macho zaidi, na shule ingelazimika kuweka stoo vipuri vya aina mbili.

Mchoro wa awali ulikuwa na taa sita. Kwa taa hizihizi, siku ya kwanza kipima mwanga kingesoma laksi 230, na chumba kipya chenye rangi mbichi kingeonekana kinang'aa. Baada ya miaka michache kingekuwa na 168.

Ubao una taa zake tatu za mwanga wa upande mmoja, wati 22 kila moja, mita 0.9 kutoka ukutani, zikiwa na swichi yake. Hesabu ya nukta kwa nukta imetoa wastani wa laksi 520 na ulingano 0.71. Ubao upakwe rangi isiyong'aa. Ukipakwa ya kung'aa, safu ya mbele itaona taa ndani ya ubao badala ya maandishi.

Mapangaboi

Muheza ni joto, na kila darasa lina mapangaboi manne. Taa ikikaa juu ya panga, kila panga linapopita linakata mwanga, na meza inapepesa kwa saa nzima. Hilo linaumiza kichwa kweli. Ndiyo maana mapanga yamewekwa kwenye kimo cha mita 2.9 na taa mita 2.7. Mapangaboi yakae katikati ya mistari. Panga lenye kipenyo cha mita 1.4 linabakiza nusu mita hadi mstari wa taa kila upande. Fundi asihamishe pangaboi bila kuniuliza, hata kwa sentimita thelathini.

Mng'ao unaoumiza macho

Kikomo ni 19 kwa kipimo cha mng'ao kiitwacho UGR, ambacho namba yake ikipanda mng'ao umezidi. Mwanafunzi aliyekaa ana macho kwenye kimo cha mita 1.2, hivyo taa iko mita 1.5 juu ya macho yake na chumba kina urefu wa mara 6 na upana wa mara 4.8 ya kimo hicho. Nimesoma jedwali la taa kwa chumba kikubwa kuliko hiki, 4H kwa 8H, H ikiwa ni kimo hicho, ili nibaki upande wa usalama: 17.8 ukiitazama taa kwa urefu wake, 18.6 ukiitazama kwa ubavu. Hii ndiyo sababu nyingine ya mistari kuelekea ubaoni. Anayetazama mbele anaona ncha za taa, haoni ubavu wake.

Tyubu tupu isiyo na kava haikubaliki hata kwa muda, na kava likivunjika taa ibadilishwe. Rangi ya mafuta ya kahawia iliyopendekezwa kwa mita 1.5 za chini za kuta nimeikataa kwa sababu mbili: inarudisha mng'ao wa taa machoni, na inashusha kigezo cha matumizi hadi karibu 0.55, ambayo ni laksi 297. Kama uchafu wa mikono ndio hofu, iwe rangi ya krimu isiyong'aa inayooshika.

Kigezo cha matunzo

Nimekadiria saa 1,500 za kuwaka kwa mwaka, yaani prepo mbili na siku za mawingu ya masika, kwa miaka 10. Taa hii inabakiza asilimia 80 ya mwanga baada ya saa 50,000, kwa hiyo kwenye saa 15,000 itakuwa na 0.93. Taa ikifa inabadilishwa papo hapo, hivyo hapo tunahesabu 1.0. Kwa uchafu wa taa nimechukua 0.86, na kwa uchafu wa kuta na dari 0.92, kwa sharti kwamba shule itapaka rangi upya kila miaka minne.

```
MF = 0.93 × 1.0 × 0.86 × 0.92 = 0.736, nimechukua 0.73
```

Ile 0.86 ndiyo yenye wasiwasi wangu. Barabara ya vumbi inapita mita chache kutoka madirishani, madirisha hukaa wazi, na ndani kuna vumbi la chaki. Mvua zikianza, kumbikumbi huja kwenye taa kwa wingi. Kwenye jengo la zamani nilifungua kava moja nikakuta tabaka la mbawa lenye unene wa kidole. IP54 inazuia wasiingie ndani, ila kava la nje lazima lifutwe kila likizo ya Juni na ya Desemba: zima breka, futa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, kausha, usisugue kwa mchanga wala steelwaya. Taa zikiachwa miaka miwili bila kufutwa, nakadiria kigezo cha matunzo kitashuka hadi 0.60 na darasa litabaki na laksi 276.

Umeme na swichi

Kila mstari una swichi yake, ili mistari ya kando izimwe mwanga wa dirisha unapotosha. Draiva ziwe zisizopepesa, na zifanye kazi kuanzia volti 180 hadi 265, maana shule iko mwisho wa laini. Taa mbili za kila darasa na zote za ngazi ziwe na betri ya saa moja. Mzigo wa taa zote za madarasa na za ubao ni wati 3,552.

Makabidhiano

Upimaji ufanyike usiku, taa za nje zikiwa zimezimwa, kwa gridi ya kila mita 1 kwenye kimo cha meza, kuanzia nusu mita kutoka ukutani. Kwa kuwa taa zitakuwa mpya, wastani unaotarajiwa ni laksi 459 kwenye vyumba vya kawaida na 689 kwenye vya Kidato cha Nne. Nitakubali upungufu wa hadi asilimia 5. Ulingano chini ya 0.6 sitaukubali, hata wastani uwe juu kiasi gani.

Kabla ya kuagiza, mkandarasi alete taa moja nzima, faili lake la `.ies` na jedwali la UGR. Taa ya aina nyingine ikipendekezwa, hesabu zote za hapa zinarudiwa. Stoo ya shule ikabidhiwe vipuri sita vya taa za darasa na viwili vya ubao, pamoja na kipima mwanga kimoja, na fundi wa shule awepo siku ya upimaji ajifunze kukisoma.