Tuulizane: mfumo wa neva unaojiendesha, usiku wa kuamkia mtihani

Hosteli ya chuo, Mbeya, mwezi Juni, saa nne usiku. Atupele na Neema wanasoma utabibu. Kesho asubuhi wana mtihani wa fiziolojia.

NEEMA: Funga daftari, Atu. Simpathetiki inaanzia wapi?

ATUPELE: Kwenye uti wa mgongo, T1 hadi L2. Parasimpathetiki inatoka juu na chini: neva za fuvu namba 3, 7, 9 na 10, halafu S2 hadi S4.

NEEMA: Namba 10?

ATUPELE: Vegasi. Inashuka hadi kwenye moyo, mapafu, tumbo na sehemu kubwa ya utumbo. Kibofu haikigusi, hicho ni cha S2 hadi S4. Zamu yangu. Kutoka uti wa mgongo hadi kwenye kiungo kuna neva mbili zinazopokezana. Zinakutana wapi?

NEEMA: Kwenye ganglia. Za simpathetiki nyingi ziko jirani na uti wa mgongo, kwa hiyo neva ya kwanza ni fupi, ya pili ndefu. Parasimpathetiki ni kinyume, ganglia ziko karibu na kiungo au ndani ya ukuta wake.

ATUPELE: Kemikali ya kwenye ganglia?

NEEMA: Asetilikolini, pande zote mbili, na vipokezi ni vya nikotini. Tofauti iko mwisho wa neva ya pili. Parasimpathetiki inatoa asetilikolini tena, inapokelewa na vipokezi vya maskarini. Simpathetiki inatoa noradrenalini.

ATUPELE: Kila mahali?

NEEMA: Kila... ngoja. Tezi za jasho! Neva zake ni za simpathetiki lakini zinatoa asetilikolini.

ATUPELE: Usiliache hilo, tutalihitaji sasa hivi. Na baridi hii, vinyweleo vimekusimama na unatetemeka. Vyote ni simpathetiki?

NEEMA: Vinyweleo ndiyo, na mishipa ya damu ya ngozi iliyosinyaa pia. Kutetemeka hapana, hiyo ni misuli ya mifupa, inaendeshwa na neva za somatiki.

ATUPELE: Safi. Sasa nipe kisa, orodha zimenichosha.

NEEMA: Mkulima wa viazi ameletwa kutoka shambani, alikuwa na bomba mgongoni anapiga dawa ya wadudu. Mate na machozi yanamtoka, amelowa jasho, amejikojolea, anaharisha. Mboni ndogo sana, mapigo 46, kifua kinakoroma, misuli inachezacheza.

ATUPELE: Oganofosfeti. Hili tulimalize vizuri, Neema, hata lisipotoka kesho. Kwetu Makete watu wanapiga dawa bila glavu, na anayeletwa hivyo anaweza kuwa mjomba wangu.

NEEMA: Basi nieleze, usitaje tu.

ATUPELE: Sumu inazuia kimeng'enya kinachovunja asetilikolini. Asetilikolini inarundikana popote inapotumika. Kwenye maskarini inaleta mate, machozi, kuhara, mboni kusinyaa, moyo kwenda polepole, njia za hewa kubana na kujaa majimaji. Jasho linaingia humo humo, kwa ile sababu uliyotaka kuisahau. Kwenye nikotini ya misuli, misuli inachezacheza, kisha inalegea.

NEEMA: Unaanza na nini?

ATUPELE: Navaa glavu, namvua nguo, tunamwosha kwa maji na sabuni, huku njia ya hewa na oksijeni vikiangaliwa. Hayo hayaisubiri atropini wala atropini haiyasubiri. Dozi inaongezwa maradufu kila dakika 5 mpaka aitikie.

NEEMA: Utajuaje ameitikia? Mboni zikipanuka?

ATUPELE: Hapana, mboni zinaweza kuchelewa. Nasikiliza kifua. Kikikauka, kisikorome wala kulia filimbi, na mapigo yakapita 80, nimefika.

NEEMA: Kifua kimekauka, mapigo mazuri, lakini pumzi inazidi kuwa ndogo. Unaongeza atropini?

ATUPELE: ...Hapana. Atropini inaziba maskarini peke yake. Misuli ya kupumulia iko upande wa nikotini, haiifikii. Huyo anahitaji kusaidiwa kupumua, kwa ambu kwanza, kisha kwa mashine ikiwepo.

NEEMA: Ndaga fijo, hapo umenifundisha. La mwisho kwa kisa hiki: mgonjwa mwingine, sumu ile ile, ila mapigo ni 125. Umekosea utambuzi?

ATUPELE: Si lazima. Ganglia za simpathetiki nazo ni za nikotini, na asetilikolini iliyorundikana inaweza kuzichochea. Hata tezi ya adrenali, kwa sababu neva inayoifikia inatoa asetilikolini. Kwa hiyo mapigo ya juu hayaniondoi kwenye sumu, na kifua kikikoroma bado nampa atropini.

NEEMA: Jibu lako liandike hivyo hivyo. Twende kwenye macho, hatujayagusa. Neva namba 3 ikikatika, mboni inakuwaje?

ATUPELE: Inapanuka. Parasimpathetiki imekatika, simpathetiki imebaki inavuta peke yake.

NEEMA: Na simpathetiki ya upande mmoja wa shingo ikikatika?

ATUPELE: Mboni ya upande huo inakuwa ndogo, kope inashuka kidogo, na uso upande huo hautoki jasho.