Kingo mbili za Ruvuma: dola, soko na vyombo vya habari

Mwaka 2004 wataalamu wa mawasiliano Hallin na Mancini waliigawa mifumo ya habari ya nchi 18 za Ulaya Magharibi na Amerika Kaskazini katika makundi matatu. Walitazama soko la magazeti, ukaribu wa vyombo na vyama, weledi wa wanahabari na mkono wa dola. Ukivileta vipimo hivyo hapa Mtwara, jirani na mto Ruvuma unaotutenga na Msumbiji, unalazimika kuongeza kimoja: lugha ambayo dola inairuhusu redioni.

Tanzania na Msumbiji zilianza karibu sawa. TANU na FRELIMO, iliyoasisiwa Dar es Salaam mwaka 1962, ziliona habari ni kazi ya kujenga taifa. Milango ilipofunguliwa miaka ya 1990, njia zikaachana. Msumbiji ilitunga sheria ya habari mwaka 1991, kisha wanahabari wenyewe wakaunda ushirika, Mediacoop, uliosambaza gazeti la Mediafax kwa mashine ya faksi. Mmoja wa waasisi, Carlos Cardoso, aliuawa Maputo Novemba 2000 alipokuwa akichunguza wizi mkubwa wa benki. Kwetu waliotangulia ni wafanyabiashara: ITV ya Reginald Mengi ilianza 1994, kabla ya televisheni ya serikali huku Bara, ilhali Sheria ya Magazeti ya 1976 iliendelea kutumika hadi 2016. Soko lilifunguka, sheria ikabaki ya zama za chama kimoja.

Sasa lugha. Mmakonde wa Cabo Delgado, mkoa wa Msumbiji ng'ambo ya mto, akifungua kituo cha mkoa cha Redio Msumbiji, husikia habari kwa Kimakonde. Jirani yake Mmwani wa pwani naye ana zamu ya lugha yake. Ndugu yao wa Newala husikia Kiswahili, kwa sababu kanuni zetu za utangazaji zinataka Kiswahili au Kiingereza. Faida yake ni kubwa: gazeti letu linasomeka kuanzia Lindi hadi Bukoba, wakati la Kireno linamwacha nje mkulima wa Mueda. Lakini bibi ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni tu hana redio inayozungumza naye, na hili naliona ni pengo la kweli.

Hata hivyo lugha ya nyumbani haimkingi mtangazaji. Vita vilizuka Cabo Delgado Oktoba 2017, na Aprili 2020 Ibraimo Mbaruco wa redio ya jamii ya Palma akatoweka.

Norwei, ambayo kampuni yake Equinor imo katika mradi wa gesi wa Lindi, hutoa ruzuku kwa magazeti tangu 1969, yakiwemo madogo ya wilayani, bila kuyaamulia cha kuandika. Huko dola hulipa pale soko linaposhindwa. Kusini kwetu soko limeshindwa zamani, maana fedha za matangazo ziko Dar es Salaam. Mwaka 2013, Mtwara ilipopinga bomba la gesi, hoja za wananchi zilihaririwa umbali wa zaidi ya kilomita 500. Ruzuku ya namna ya Norwei ingefaa hapa kwa sharti moja: fedha zigawiwe na chombo ambacho waziri hawezi kukivunja.