Vituo vya Kuchotea Maji Vijijini, Wilaya ya Chamwino, Mkoa wa Dodoma: Hali Wakati wa Kiangazi na Masika, 2023–2024

Maelezo

Seti hii inaonyesha hali ya vituo vya kuchotea maji katika vijiji vya Wilaya ya Chamwino: magati ya bomba, visima virefu na vifupi vyenye pampu za mkono (nyingi ni Afridev na Nira), na visima vya asili vinavyotumiwa na umma. Kila mstari ni ziara moja kwenye kituo kimoja. Kituo kilichotembelewa mara mbili kina mistari miwili yenye `kituo_id` ileile, kwa hiyo ukihesabu mistari ukadhani umehesabu vituo, utapata idadi iliyozidi.

Tulirudi mara ya pili kwa makusudi. Takwimu nyingi za maji vijijini husema kituo kinafanya kazi au hakifanyi, bila kusema ni mwezi gani mtu alifika pale. Chamwino ina msimu mmoja wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili. Kisima kifupi kinachojaza ndoo mwezi Machi kinaweza kutoa tope mwezi Oktoba, na Oktoba ndipo akina mama wanapofukua mchanga wa korongo kutafuta maji. Tafadhali usichapishe asilimia ya vituo vinavyofanya kazi bila kutaja msimu.

Safu ya `hali` ina thamani tatu. `inafanya_kazi`: ndoo ya lita 20 ilijaa ndani ya dakika 2 mbele ya mkusanyaji. `kwa_shida`: maji yalitoka, lakini ndoo haikujaa kwa muda huo. `haifanyi_kazi`: hakuna tone lililotoka. Gati lililofungwa kwa kufuli kwa sababu msimamizi hayupo limeandikwa `limefungwa` kwenye safu ya `sababu`, na `hali` yake imeachwa wazi. Si haki kuliita bovu. Pale mashine ya dizeli ilipokosa mafuta, bomba ni zima lakini maji hayakutoka. Hapo `hali` ni `haifanyi_kazi` na `sababu` ni `mafuta`, maana kwa mwenye ndoo mkononi matokeo ni yaleyale.

Chumvi imepimwa kwa kifaa cha mkononi, safu ya `ec_us_cm`, kwa mikrosimensi kwa sentimita. Maji ya visima virefu Dodoma mara nyingi ni ya chumvi, na kisima kizima chenye maji wasiyoweza kunywa watu hakijamaliza tatizo. Floraidi na vimelea havikupimwa, hivyo seti hii haithibitishi usalama wa maji ya kunywa.

Sera ya Taifa ya Maji ya 2002 iliweka kipimo cha kituo kimoja kwa watu 250, ndani ya mita 400. Ukitaka kupima umbali huo, soma kwanza sehemu ya eneo hapa chini.

Maneno muhimu

maji vijijini, vituo vya maji, magati, visima, pampu za mkono, kiangazi, masika, maji ya chumvi, Chamwino, Dodoma, Tanzania

Kipindi

Awamu ya kiangazi: Septemba hadi Oktoba 2023. Awamu ya masika: Machi 2024. Miezi ya katikati haina data. El Niño ya 2023/24 ilileta mvua nyingi kuliko kawaida sehemu kubwa ya nchi, kwa hiyo awamu ya pili isichukuliwe kuwa picha ya masika ya kila mwaka.

```
name: vituo-maji-chamwino-2023-2024
temporal: 2023-09-04/2024-03-28
language: sw
crs: EPSG:4326
license: CC-BY-4.0
```

Eneo

Viwianishi viko kwa digrii, mfumo wa WGS 84. Hatukutumia UTM kwa sababu longitudo 36 mashariki, mpaka wa kanda 36 na 37, inapita ndani ya wilaya. Kumbukumbu za zamani za visima virefu zilikuwa kwenye Arc 1960. Zimebadilishwa, maana kuzichanganya bila kubadilisha kunasogeza kisima karibu mita 300. Pasipo na kipimo pameachwa wazi, hapakujazwa sifuri.

Visima vilivyo ndani ya maboma ya watu vimebakiziwa desimali tatu tu, yaani usahihi wa takriban mita 110, hivyo usivitumie kwa hesabu ya mita 400. Majina na simu za wasimamizi yameondolewa, kwa kuzingatia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Muundo na masasisho

CSV na GeoJSON. Itasasishwa tu endapo awamu nyingine itafanyika.

Leseni

Creative Commons BY 4.0. Unaruhusiwa kunakili, kubadilisha na kusambaza, hata kwa biashara, mradi utaje chanzo, uweke kiungo cha leseni na useme ulichobadilisha. Taja hivi: «Vituo vya Kuchotea Maji Vijijini, Wilaya ya Chamwino, 2023–2024, CC BY 4.0», ukiongeza awamu uliyotumia.