Barua ya kuhuisha mkataba wa fremu namba 4

Mpangaji, fremu namba 4
22 Septemba 2025

Kwa Mama mwenye nyumba,

YAH: KUHUISHA MKATABA WA PANGO NA KUOMBA MASHARTI MAPYA

Mama, shikamoo.

Mkataba wetu wa miaka mitatu unaisha tarehe 31 Disemba 2025. Kifungu cha 9 kinanitaka nikujulishe kwa maandishi zikiwa zimebaki siku zisizopungua 90, na barua hii ndiyo taarifa hiyo. Naomba kuendelea na fremu kwa miaka mitatu mingine, hadi 31 Disemba 2028. Sidaiwi kodi; nakala za risiti nimeambatanisha.

Nianze na kodi. Mwezi uliopita ulinidokeza kwamba unafikiria kupandisha asilimia 20 kwa mkupuo. Siombi isipande, naomba ipande kwa ngazi: asilimia 8 mwaka wa kwanza, kisha asilimia 5 mwaka wa pili na 5 tena wa tatu, kila mara juu ya kodi ya mwaka uliotangulia. Penye 100 leo utapokea 108, kisha 113.4, kisha 119 na ushei, yaani mwaka wa tatu tutakuwa tumefika karibu kabisa na pale unapopataka. Sikufichi kwamba ukijumlisha miaka yote mitatu utapata pungufu ya ile hesabu yako, kiasi kisichofika kodi ya sasa ya miezi miwili na nusu. Kwa sababu hiyo niko tayari kulipa kila miezi mitatu kwa kutanguliza, badala ya mwezi kwa mwezi kama sasa, na gharama zote za shata (springi, reli na kufuli) zihamie kwangu.

Jambo lililo zito zaidi kwangu ni paa la stoo. Maji hayapiti katikati ya bati. Yanaingia pale bati linapokutana na ukuta wa nyuma, ambako kile kipande cha bati kilichokunjwa kufunika maungio kimeliwa na kutu na saruji iliyokishika imeachia. Mvua ikipigwa na upepo, maji hushuka ukutani hadi karibu na kisanduku cha swichi kuu. Kupaka lami juu kunasaidia msimu mmoja tu, kwa kuwa bati hutanuka kwa jua na lami hupasuka. Kinachotakiwa ni kung'oa kipande hicho, kuchimba mfereji mdogo ukutani, kuingiza kipya na kukiziba upya. Naomba kazi hii ifanyike kabla ya kusaini, au iandikwe kwenye mkataba kwa tarehe.

Mkataba wa sasa unasema tu "matengenezo madogo ni ya mpangaji", na humo ndimo mabishano yanamozaliwa. Napendekeza tuandike hivi: paa, kuta, mabomba yaliyo ndani ya ukuta, na nyaya hadi kwenye swichi kuu ni vya mwenye nyumba; taa, soketi, vitasa, rangi ya ndani na shata ni vya mpangaji. Nikikupa taarifa ya maandishi na siku 14 zikapita bila kazi kuanza, niruhusiwe kutengeneza na kukata gharama kwenye kodi kwa risiti, isizidi kodi ya mwezi mmoja. Kwa hatari ya umeme au maji yanayomwagika, muda uwe saa 48.

Umeme tunagawana nusu kwa nusu na fremu namba 5, yenye friza mbili, wakati mimi nina taa na feni. Naomba ruhusa ya kufunga mita ndogo upande wangu. Mita na fundi nitalipia mimi. Fundi awe mwenye leseni na umkubali wewe.

Mengine ni mafupi. Amana ya miezi miwili uliyonayo ihamie mkataba mpya bila nyongeza. Rafu na kaunta nilizofunga niruhusiwe kuondoka nazo nikiziba matundu. Vigae vya sakafu vitabaki. Jengo likiuzwa, mnunuzi afungwe na mkataba huu. Baada ya mwaka wa kwanza, kila upande uweze kuvunja kwa notisi ya miezi mitatu. Na tukichelewa kusaini hadi 31 Disemba ipite, niendelee mwezi kwa mwezi kwa kodi ya sasa, nisihesabiwe mvamizi.

Ukiridhia, naomba tukutane kwenye fremu Jumamosi, 4 Oktoba, saa 3 asubuhi, tukague paa pamoja na fundi bati na kupiga picha za hali ya fremu zitakazofungwa na mkataba. Jibu la maandishi naomba nilipate kufikia 13 Oktoba, kwani oda za mzigo wa Januari nazifunga wiki hiyo, na bila uhakika wa fremu siwezi kuagiza.

Wako,
Mpangaji, fremu namba 4

Viambatisho: nakala za risiti za kodi, nakala ya mkataba wa 2023, picha nne za ukuta wa stoo, rasimu ya vifungu vipya, nakala mbili.