Jibu la swali la |x − 4| < 2x + 1

Picha ya daftari lako, ulivyolitatua swali hili, nimeipata. Mstari wa daftari umepita chini kabisa ya alama, inaonekana kama ≤, lakini kwenye mistari yako yote ya chini umeandika <, kwa hiyo nafanya kwa <.

|x − 4| ni umbali kati ya x na 4, na umbali haupungui sifuri. Kilicho ndani kinabadilika ishara x ikifika 4, ndipo tunapokata mstari wa namba.

Hali ya kwanza: x ≥ 4. Ndani si hasi, mabano yanaondoka bila kubadili kitu:

x − 4 < 2x + 1
−5 < x

Hapa ulifika sawa, ila uliishia hapo. Tulianza kwa kusema x ni 4 au zaidi, kwa hiyo −2, kwa mfano, haimo katika hali hii hata kama ni kubwa kuliko −5. Tafuta mwingiliano wa x ≥ 4 na x > −5. Unabaki na [4, ∞).

Hali ya pili: x < 4. Ndani ni hasi, tunageuza ishara zote mbili:

−x + 4 < 2x + 1
−3x < −3
x > 1

Uliandika x < 1. Ukigawanya kwa namba hasi, alama inageuka. Kama hili linakusumbua, peleka x upande ambao itabaki chanya: 3 < 3x, basi 1 < x, na hakuna cha kugeuza. Mwingiliano na x < 4 ni (1, 4).

Hali hizi mbili ni "au", kwa hiyo sasa ni muungano, si mwingiliano:

(1, 4) ∪ [4, ∞) = (1, ∞)

Kipande cha kwanza kinaiacha 4, cha pili kinaichukua, ndiyo maana vinaungana bila pengo. Ungeandika (4, ∞) kwenye hali ya kwanza, 4 ingepotea, na yenyewe ni jibu halali: 0 < 9.

Wewe ulimaliza na (−5, 1). Jaribu 0: |0 − 4| = 4, upande wa kulia 1, na 4 < 1 si kweli. Kwa kweli hakuna namba hata moja ndani ya (−5, 1) inayokubali. Jaribio hilo la nusu dakika lingekushtua kabla ya kukusanya daftari. Jaribu na 2: 2 < 5, inakubali.

Mpakani, x = 1 inatoa 3 < 3, uongo, ndiyo maana bano la 1 ni la mviringo. Kama kitabu kina ≤ kweli, 1 inaingia na jibu ni [1, ∞). Upande wa ∞ bano ni la mviringo daima, maana ∞ si namba ya kufikiwa. Angalia kitabu chako kabla ya kunakili.