Utaratibu wa Kupokea Mizigo, Ghala la Mwanga, Kigoma (kwa Wafanyakazi Wapya)

Unamhusu: karani wa stoo, msaidizi wake na mlinzi wa zamu.
Mwandishi: Msimamizi wa ghala.
Nakala moja ibandikwe ndani ya mlango wa ofisi, nyingine ikae kwenye faili la mapokezi.

Jambo la kushika kabla ya yote

Mzigo ukiwa bado juu ya gari, upungufu wake ni wa msafirishaji. Ukishaweka sahihi kwenye delivari noti, upungufu ni wetu. Hatua zote zilizoandikwa hapa zipo ili sahihi hiyo iwekwe baada ya kuhesabu, si kabla.

Nilijifunza hilo kwa kulipa. Mwaka wangu wa kwanza stoo, kwenye ghala nisilolitaja, mvua ilikuwa inakaribia na dereva alikuwa na haraka. Nilisaini mifuko 200 ya unga, nikahesabu baadaye: 194. Nilipompigia alikuwa ameshapita Kasulu, na karatasi yenye sahihi yangu alikuwa nayo mfukoni. Mifuko sita nilikatwa mshahara kwa miezi miwili. Sitaki limpate yeyote kati yenu.

1. Kabla gari halijafika

Kila asubuhi pitia faili la oda ujue kinachotarajiwa. Mzigo usio na oda haushushwi, hata dereva aseme bosi anajua. Mpigie msimamizi kwanza.

Pima nafasi kwa macho. Mifuko 200 ya sukari ya kilo 50 ni tani kumi, na inataka machaga manne yaliyo matupu, yamefagiwa na ni makavu. Chaga likae nusu mita kutoka ukutani ili mtu apite kukagua na hewa izunguke. Hakuna mfuko unaogusa sakafu, hata kwa dakika tano za kupumzika. Sakafu yetu hutoa unyevu kuanzia mvua za Novemba hadi Aprili, na mfuko hauonyeshi umenyonya maji mpaka siku ya kuuza.

Tunapokea kuanzia saa 2 asubuhi. Gari lililofika baada ya saa 10 jioni halianzi kushusha, linalala. Huku jua huchelewa kuzama kuliko Dar es Salaam, kwa hiyo saa 12 jioni mwanga bado upo na dereva atakuonyesha anga akisema muda tunao. Muda wa kushusha huenda upo. Wa kuhesabu, kupanga na kuandika haupo.

2. Gari likiwa getini

Mlinzi aandike namba ya gari, jina la dereva na saa ya kuingia. Gari lizimwe injini, matairi yawekewe mawe mbele na nyuma. Mtu asisimame nyuma ya gari linaporudi kinyumenyume. Anayeliongoza akae upande wa dereva, mahali anapoonekana kwenye kioo.

Mkaribishe dereva vizuri. Ametoka mbali, mpe maji na pa kukaa. Kisha omba karatasi: delivari noti, invoisi na risiti ya EFD kwa mzigo wa dukani au kiwandani. Linganisha na oda yetu aina, ujazo na idadi. Hapa ndipo watu huteleza: oda inasema unga wa kilo 25, karatasi inasema mifuko 100, gari limebeba ya kilo 10. Idadi ni sawa, mzigo si wenyewe.

Gari lenye lakiri: soma namba ya lakiri, ilinganishe na iliyoandikwa kwenye karatasi, piga picha, ndipo ikatwe mbele yako na dereva. Ikiwa imekatwa tayari au namba hazifanani, usifungue mlango. Piga simu.

3. Kukagua kabla ya kushusha

Turubai lifunguliwe ukiwepo. Wakati wa masika angalia lilikobonyea, maana maji hutuama hapo, na fundo likilegezwa yanamwagika juu ya mzigo. Yamwagwe kwanza pembeni. Pitisha kiganja kwenye mifuko ya juu, ya pembeni na ile iliyogusa bodi. Sukari iliyolowa inanata pembezoni mwa mfuko na kona yake ni ngumu kama tofali. Saruji nzuri inabonyea ukiikandamiza kwa kidole gumba. Ikikataa kubonyea, imeshaganda. Madumu ya mafuta yashike chini kwenye kitako, si juu kwenye kifuniko, kwa sababu dumu linalovuja huacha vidole vyako viking'aa.

Nusa pia. Gari lililoleta dagaa kutoka Kibirizi jana na leo limebeba unga, harufu itakuambia kabla ya dereva. Unga ukishashika harufu, haitoki tena. Kwa sababu hiyo hiyo sabuni na dagaa havipangwi chumba kimoja na unga, sukari wala mchele.

Mahindi na maharage yana ukaguzi wake. Choma bambo kwenye mfuko mmoja kati ya kila kumi, juu, katikati na chini, umimine kwenye sinia. Tafuta unga unga, matundu kwenye punje, ukungu na mchanga. Dumuzi tumwogope kwa haki: ni katika mkoa jirani wa Tabora alikoripotiwa mara ya kwanza barani Afrika, mwanzoni mwa miaka ya 1980, na wakulima wengi bado wanamwita Skania. Mfuko mmoja wenye dumuzi ukiingia, baada ya miezi michache chaga zima ni vumbi. Unyevu wa mahindi usizidi asilimia 13.5. Kipima unyevu kikiisha betri, weka konzi ya mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu ya kioo, tikisa dakika chache, acha yatulie. Chumvi ikigandama kwenye kioo, mahindi ni mabichi, yarudi.

Kwa vyakula vya kiwandani soma tarehe ya kuisha muda kwenye katoni tatu za sehemu tofauti, usitosheke na ya mbele. Iliyobakiza chini ya miezi minne hatupokei.

4. Kuhesabu

Wahesabuji ni wawili. Karani anasimama mlangoni, msaidizi kwenye chaga. Kila mmoja ana karatasi yake na anachora vijiti vitano vitano, wa tano ukikata minne. Hawaongei na mtu, simu ziko mfukoni. Kila mifuko 50 makuli wanasimama, wahesabuji wanatajiana namba. Zikitofautiana, chaga hilo linahesabiwa upya hapo hapo. Kutafuta mfuko mmoja ndani ya 50 ni dakika tatu; ndani ya 200 ni jioni nzima.

Pangeni mifuko mitano kila safu, mitatu kwa miwili, safu inayofuata igeuzwe ili ifungane. Safu kumi zinakupa 50 kwa chaga. Usikubali kuhesabu rundo kwa kuzidisha upana, urefu na kimo likiwa limeshapangwa na mtu mwingine. Rundo linaweza kuwa na tundu katikati, na kutoka nje huoni kitu.

Makuli wanalipwa kwa mfuko, hivyo kiongozi wao naye ana hesabu yake. Muulize mwisho, ninyi wawili mkishakubaliana. Ukimuuliza mwanzo, namba yake itakaa kichwani na utaitafuta badala ya kuhesabu.

5. Kupima

Pima mfuko mmoja kati ya kila ishirini, ukichagua mwenyewe, na uchanganye ya juu na ya chini. Kabla ya hapo mzani usome sifuri ukiwa mtupu, kisha uwekwe juu yake mfuko wa majaribio wenye alama nyekundu. Mfuko uliopungua zaidi ya nusu kilo unatulazimu kupima mzigo wote. Dereva atanung'unika, mweleze kwa upole, ila mzani uendelee.

Mafuta ya kula ni mepesi kuliko maji. Dumu la lita 20 lina takribani kilo 18 na nusu za mafuta, ukiondoa uzito wa dumu lenyewe. Asikudanganye mtu kwamba lita 20 lazima zisome kilo 20, na wala usimshutumu mletaji wa mawese kwa sababu mzani umesoma 19 na kitu.

6. Kilichopungua, kilicholowa, kilichochanika

Tenga kando, kwenye chaga lenye kamba nyekundu. Piga picha dereva akiwepo na namba ya gari ionekane. Andika kwenye nakala zote za delivari noti, kwa tarakimu na maneno. Mfano:

"Imeshushwa mifuko 197 (mia moja tisini na saba) kati ya 200. Haikuwepo mifuko 3. Kati ya iliyoshushwa, 2 imelowa na imerudishwa na gari. Iliyopokewa ni 195 (mia moja tisini na tano)."

Kisha dereva asaini chini ya maneno hayo, wewe usaini baada yake. Kama karatasi ina muhuri unaosema mzigo umepokelewa katika hali nzuri na si kweli, kata maneno hayo kwa mstari mmoja na uweke sahihi fupi pembeni.

Mtasikia hivi, karibu kila wiki:

"Kaka, niwekee sahihi tu, hiyo mitatu tutamalizana kwenye simu. Nataka nifike Kasulu mapema."

Jibu ni moja: "Pole na safari, kaka. Naandika 197, unasaini, unaondoka sasa hivi. Kuandika 200 sitaweza." Akikataa kusaini, usigombane naye. Andika "dereva amekataa kusaini," taja saa, mlinzi asaini kama shahidi, umpigie msimamizi gari likiwa bado ndani ya geti.

7. Kuandika

Siku hiyo hiyo, kabla ya kufunga. Jaza daftari la mapokezi, kisha kadi ya stoo inayoning'inia kwenye chaga: tarehe, namba ya delivari noti, kilichoingia, salio jipya. Bandika karatasi ya tarehe ya kupokea mbele ya rundo, na mzigo mpya upangwe nyuma ya wa zamani. Kwa vyakula, kinachotangulia kuisha muda ndicho kinachotangulia kutoka, hata kama kiliingia jana. Saruji isipangwe kupita mifuko kumi kwenda juu.

Ukikosea usifute wala usipake rangi nyeupe. Kata kwa mstari mmoja, andika namba sahihi juu yake, weka sahihi. Namba ya zamani ibaki inasomeka.

Nakala ya kwanza anabaki nayo dereva, ya pili inakwenda kwa mhasibu pamoja na invoisi na risiti, ya tatu inabaki stoo.

8. Gari kutoka

Karani apande mwenyewe juu ya bodi, ainue turubai na vipande vya maboksi, aone sakafu ya gari yote. Mifuko yetu miwili mwezi uliopita ilipatikana chini ya turubai lililokunjwa. Akishuka ampe mlinzi kibali cha kutoka, mlinzi aandike saa, ndipo geti lifunguliwe.